Kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumuuliza: mhadhara wa kwanza kwa wanafunzi wa utabibu na uuguzi, pamoja na zoezi lake

Mhadhara huu ni wa dakika 90. Naufundisha wiki za mwanzo kabisa za mwaka wa kwanza, kabla wanafunzi hawajapewa orodha ya maswali ya kuchukua historia ya mgonjwa. Sababu ni moja. Mwanafunzi akishaikariri ile orodha, inakuwa kazi kubwa kumfanya anyamaze, kwa sababu kila mgonjwa anapofungua mdomo yeye anaona swali namba moja linamsubiri. Heri ajifunze kunyamaza kwanza, maswali yamkute tayari anajua.

Maneno ya kusema darasani nimeyaweka ndani ya alama za kunukuu. Yaliyobaki ni maelekezo kwa mwalimu mwenzangu.

Maandalizi

Panga viti vitatu vitatu vikitazamana. Kila mwanafunzi awe na nusu karatasi na kalamu. Wewe uwe na simu inayohesabu sekunde.

Jambo la kulihangaikia hasa ni msomaji. Usisome wewe, na usimpe mwanafunzi, maana darasa litacheka. Tafuta mwanamke mtu mzima hapo chuoni, mhudumu wa maktaba au wa jikoni, umpe maneno yafuatayo siku mbili kabla. Mwambie asiigize wala asilie. Aseme tu kama mtu anayeeleza shida zake, na palipo na nukta tatu anyamaze kidogo. Kwa mwendo huo yanachukua karibu dakika mbili. Wanafunzi wasiyaone maandishi haya kabla wala wakati wa somo.

> Habari za kazi, daktari. Mimi kichwa ndicho kinachonisumbua. Kinauma, hasa huku nyuma kisogoni, na nikiinama kuokota kitu naona kama kinapasuka. Kilianza kama wiki tatu hivi. Nimemeza panadoli, zinatuliza kidogo, kisha kinarudi pale pale. Usingizi nao sina. Nalala saa tano, saa nane niko macho, naangalia dari. Tangu tumzike dada yangu sijalala vizuri. Alikuwa mzima. Jioni tumeongea kwenye simu, asubuhi naambiwa ameanguka bafuni, mkono na mguu havifanyi kazi. Siku mbili tu… basi. Mimi nauza nyanya sokoni, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi magharibi. Dawa za presha ninazo, nilipewa mwaka jana, nazimeza. Nikiwa nyumbani nazimeza. Ila kile kidonge kimoja kidogo kinanipeleka chooni kila mara, na choo cha pale sokoni ni cha kulipia, mia mbili kila ukiingia, na meza nimwachie nani? Lakini nazimeza. Na watoto wa dada nao wako kwangu sasa, wawili, mdogo ana miaka minne. Kila siku ananiuliza mama yake atarudi lini. Basi nikaona nije mnipime, mniambie kama kichwa hiki ni cha kawaida au… basi, mnipime tu.

Dakika 15 za kwanza: sekunde kumi na nane

Usianze na fasili. Mkaribishe mama aketi mbele, uketi mkabala naye, na umwambie darasa lisikie: "Karibu mama, nieleze kilichokuleta leo." Aanze kusema. Simu ikifika sekunde ya 18, mkatize kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kinauma upande gani?" Hapo simamisha zoezi.

"Andikeni kwenye karatasi: huyu mama ana shida gani?"

Wengi wataandika malaria, wachache presha, na siku zote yuko mmoja anayeandika miwani. Wasomewe majibu yao bila kuyasahihisha. Kisha sema:

"Nilipomkatiza zilikuwa zimepita sekunde 18. Sikuzichagua kwa kubahatisha. Mwaka 1984 huko Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza kanda za sauti za mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kwamba, kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Katika mazungumzo yote 74, ni wagonjwa 17 tu waliofikia mwisho wa maelezo yao ya kwanza."

Mwanafunzi mmoja atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, ukimwacha mgonjwa aseme, si atamaliza asubuhi nzima, na foleni nje inafika getini? Usimjibu kwa mawaidha. Mjibu kwa hesabu. Mwaka 2002 Wolf Langewitz na wenzake, katika hospitali ya Basel nchini Uswisi, waliwaacha wagonjwa 335 waseme bila kukatizwa hadi wao wenyewe waonyeshe wamemaliza. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kila kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Waliozidi dakika tano walikuwa saba tu. Mambo ya Basel si ya wilayani kwetu, na foleni zetu ni ndefu kuliko zao, lakini hofu kwamba mgonjwa hatanyamaza milele haina msingi. Kazi unayowaomba wanafunzi ni ya dakika mbili.

Sasa ndipo useme neno juu ya lugha yenyewe:

"Kiswahili kinatumia kitenzi kile kile, kusikia, kwa sauti na kwa yanayotokea mwilini. Mgonjwa atakwambia nasikia kizunguzungu, nasikia baridi, nasikia moyo unaenda mbio. Anachokisikia, mtu wa pili hawezi kukisikia. Anaweza kumsikiliza tu. Na watu wawili wakishindwa kuelewana tunasema hawasikilizani. Somo la leo liko kati ya maneno hayo matatu: yeye anasikia, wewe unamsikiliza, mwishowe msikilizane."

Kwa wanaopenda kujua jina hili limetoka wapi: kusikiliza kwa makini kama stadi ya kufundishwa kulianza kuandikwa hivyo na Carl Rogers na Richard Farson mwaka 1957. Rogers alikuwa mtaalamu wa ushauri nasaha, na shabaha yake ilikuwa msikilizaji aingie ndani ya mtazamo wa msemaji na amwonyeshe kwamba ameuona. Sehemu hiyo ya pili husahaulika. Kukaa kimya unaelewa moyoni hakutoshi. Mgonjwa lazima ajue kwamba ameeleweka.

Dakika 25: zoezi la kusikiliza kwa kuongozwa

*Usikilizaji wa kwanza.* "Kalamu chini. Msiandike neno. Msikilizeni mama kuanzia mwanzo hadi mwisho." Mama aseme yote. Akimaliza, darasa likae kimya dakika nzima. Watajikuna, watatazamana, usiwaokoe. Ndani ya ukimya huo ndipo mengi waliyoyasikia yanajipanga.

Kisha waandike upande wa pili wa karatasi, kwa maneno ya mama mwenyewe kadiri wanavyoyakumbuka, yale aliyoyasema. Utaona kitu cha kushangaza: wengi wataandika "anakosa usingizi kwa sababu ya msongo wa mawazo." Mama hakusema msongo wa mawazo. Alisema saa nane yuko macho anaangalia dari. Waonyeshe tofauti hiyo kwa upole. Ya kwanza ni tafsiri ya mwanafunzi, ya pili ni maneno ya mgonjwa, na ukishaziweka pamoja kichwani huwezi tena kujua ipi ilitoka wapi.

*Usikilizaji wa pili.* Gawa darasa pande nne, kila upande na sikio lake. Upande wa kwanza usikilize mambo yenyewe: nini, lini, wapi. Wa pili usikilize sauti ya mama inabadilika wapi. Wa tatu uhesabu neno linalorudiwa. Wa nne usikilize sentensi zilizoachwa bila kumaliziwa. Mama aseme tena yote.

Pande mbili za mwanzo hazitakupa shida. Pita haraka: kisogo, wiki tatu, panadoli, msiba; na sauti inashuka kwa dada na kwa yule mtoto wa miaka minne. Tumia muda wako kwa wa tatu na wa nne.

Upande wa tatu watakwambia neno ni "nazimeza", mara tatu. Waulize: "Mtu anayemeza dawa zake kila siku ana haja gani ya kusema mara tatu?" Halafu zifuateni hizo mara tatu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni nazimeza. Ya pili imepungua, ni nikiwa nyumbani nazimeza. Na nyumbani yuko lini? Anatoka alfajiri, anarudi magharibi. Kati ya hiyo ya pili na ya tatu ndipo anapotaja kidonge kinachompeleka chooni na shilingi mia mbili za mlangoni. Dawa za kukojosha ni miongoni mwa dawa za kawaida za presha, na kwa kawaida humezwa asubuhi, saa ambazo mama huyu anapanga nyanya mezani. Hakuficha chochote. Alikwambia yote, ila aliyapanga kama anavyopanga mtu anayeogopa kugombezwa.

Upande wa nne watakuletea ile "au…". Kama kichwa hiki ni cha kawaida au nini? Subiri darasa lenyewe liseme. Dada yake alianguka, upande mmoja wa mwili ukaacha kufanya kazi, akafariki siku ya pili. Kisha umalizie wewe: mama amekuja kuuliza kama na yeye atakufa hivyo, na watoto wanne au watano walioko nyumbani kwake watabaki na nani. Hapo atatokea mwanafunzi makini atakayekusahihisha: mama alitaja watoto wawili wa dada, wake mwenyewe hakuwataja kabisa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kusema vile. Mshukuru mbele ya wenzake. Asipotokea, jisahihishe mwenyewe, uwaonyeshe jinsi msikilizaji anavyoongeza kitu bila kujua.

Sasa warudi kwenye jibu lao la sekunde 18. Usiwaambie wanafunzi walikosea. Huenda aliyeandika presha amepatia ugonjwa, lakini bado asingejua kwa nini dawa hazifanyi kazi, na mama angerudi nyumbani na pakiti nyingine ya kidonge kile kile.

Dakika 15: kujibu bila kufunga mlango

Fundisha hatua chache tu na uzionyeshe na mama pale mbele.

Kwanza, swali la kufungua. Kwetu wengi huanza na "Unaumwa nini?" na mgonjwa, kwa adabu, anakujibu kwa jina la ugonjwa: malaria, vidonda vya tumbo, U-Ti-Ai. Umemuuliza jina, amekupa jina. "Nieleze kilichokuleta leo" humpa nafasi ya kueleza.

Pili, vijineno vya kumsindikiza. "Enhe" ya chini, "mmh", kichwa kikiinama kidogo. Angalieni "ndiyo, ndiyo, ndiyo" ya haraka, mgonjwa anaisikia kama "maliza basi." "Kumbe!" nayo iacheni nje ya chumba, kwa sababu inabeba mshangao, na mshangao uko karibu na hukumu. Kuhusu macho, vitabu vingi vya kigeni vitawaambia mmtazame mgonjwa machoni muda wote. Kijana wa miaka kumi na tisa akimkazia macho bibi aliyempa shikamoo sasa hivi, bibi hatamwona makini, atamwona hana adabu. Geuza mwili wako wote kwake, weka kalamu chini, macho yapumzike usoni pake bila kumkazia.

Tatu, rudisha ulichosikia. Mwonyeshe mama na darasa hivi:

"Mama, ngoja nione kama nimekuelewa. Kichwa kina wiki tatu, kinauma huku kisogoni, na usingizi umekatika tangu mumzike dada."

"Ehe, tangu siku ile."

"Umesema dawa unazimeza ukiwa nyumbani."

(Hapa nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano.)

"Siku za soko… mara nyingi siwezi, mwanangu. Kile kidonge."

Waonyeshe wanafunzi kwamba hakuna swali lililoulizwa hapo. Maneno ya mama yalirudishwa kwake, yakaachiwa nafasi, naye akayamalizia. Kama ungeuliza "Kwa hiyo humezi dawa?" angejitetea.

Nne, swali la kufungia. Mwaka 2007 John Heritage na wenzake huko Marekani waliwapa madaktari namna mbili za kuuliza kama mgonjwa ana shida nyingine. Kwa Kiingereza tofauti ilikuwa ya neno moja tu: namna moja inayotazamia jibu la ndiyo, nyingine inayotazamia hapana. Ya kwanza ilipunguza sana shida zilizobaki bila kutajwa. Ya pili haikubadilisha kitu. Utafiti huo haukufanywa kwa Kiswahili, lakini sikilizeni wenyewe: "Hakuna jingine, eti?" na "Kuna jambo gani jingine ungependa tuliongee?" Ya kwanza imeshajijibu.

Nilipokuwa mafunzoni, katika kituo kimoja cha afya, mzee mmoja alinieleza habari za mgongo. Nikamwandikia, nikasema "hakuna kingine mzee?", akasema hakuna. Alipofika mlangoni, mkono kwenye kitasa, akageuka: "Na mkojo siku hizi unatoka kwa shida, sijui ni uzee." Niliona haya, nikamwomba arudi aketi. Tangu hapo swali lile sijaliuliza tena kwa namna ile.

Dakika 25: kazi ya watatu watatu

Katika kila kundi kuna msemaji, msikilizaji na mtazamaji, na wanabadilishana hadi kila mmoja ashike nafasi zote. Msemaji aeleze jambo dogo la kweli linalomsumbua tangu afike chuoni: chumba, nauli, mkopo uliochelewa. Waambie wazi wasichague msiba wala jambo zito, na kwamba yanayosemwa yanabaki kwenye kundi. Hata hivyo kila mwaka yuko mmoja anayefunguka kuliko alivyokusudia. Kaa karibu, mtoe nje kwa utulivu, na uwe umeshajua mshauri wa wanafunzi anapatikana wapi siku hiyo.

Dakika tatu msemaji anasema, na msikilizaji haruhusiwi kuuliza swali lolote. Dakika moja msikilizaji anarudisha alichosikia, na msemaji anajibu tu "ndivyo" au "sivyo". Dakika mbili mtazamaji anasema alichoona. Raundi moja ni dakika sita, raundi tatu ni 18, na zinazobaki ni za kubadilishana viti na kuuliza.

Mtazamaji ana kazi mahususi: aandike kila mahali ambapo msemaji alirudia sentensi aliyokwisha kuisema. Hiyo ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote ninazozijua kwamba mtu hajasikilizwa. Akisikika, anaendelea mbele. Asiposikika, anarudi nyuma na kusema tena, na mara nyingi kwa sauti ya juu zaidi. Dalili nyingine ni majibu yanayofupika: sentensi, kisha maneno mawili, kisha "basi".

Pita kwenye makundi ukisikiliza makosa yao. La kwanza ni "pole". Pole ni neno zuri, na mgonjwa anastahili kuambiwa, lakini wanafunzi huitoa mapema kama mtu anayelipa deni aondoke: "Pole sana. Eeh, endelea, na choo unapata vizuri?" Pole ikitoka, ifuatiwe na ukimya. La pili ni "hata mimi": msemaji anataja nauli, msikilizaji anaingiza habari za nauli ya kwao, na mazungumzo yamehamia kwa mwenye zamu ya kusikiliza. La tatu ni kasuku, anayerudisha kila sentensi neno kwa neno mpaka msemaji anakereka. Rudisha sehemu yenye uzito, mara moja au mbili, yatosha.

Dakika 10 za mwisho: mipaka, na kazi ya nyumbani

"Mgonjwa akiletwa anahema kwa shida, anavuja damu au hajitambui, usikae kumsikiliza hadithi. Njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu kwanza. Msimulizi atakuwa aliyemleta." Waambie pia kwamba kusikiliza hakupimi. Mama wa nyanya, baada ya dakika zake mbili, anafungwa kipimo cha presha mkononi, na suala la kidonge linapelekwa kwa mwenye mamlaka ya kubadilisha dawa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hamwambii aache wala ahamishe saa ya kumeza. Na pale mgonjwa anapozungumza lugha nyingine na jamaa ndiye anayetafsiri, mengi ya hapo juu hayatafanya kazi, kwa kuwa unasikiliza maneno ya jamaa.

Kazi ya wiki: kila mmoja amsikilize mtu mzima mmoja nyumbani au mtaani, kwa ruhusa yake, aeleze mara ya mwisho alipougua. Dakika mbili bila kukatiza. Akishaondoka, aandike sentensi moja ya kwanza aliyoambiwa, ndani ya alama za kunukuu, bila jina la mtu na bila neno lolote la kitabibu ambalo yeye hakulisema. Kipindi kijacho tunafungua faili la mgonjwa, ambapo mstari wa malalamiko makuu huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Wa mama wa nyanya uuandike ubaoni kabla hawajatoka: "Kichwa kinauma kisogoni, wiki tatu, nikiinama naona kama kinapasuka." Na chini yake, kwa mwandiko mdogo: "Anauliza kama ni cha kawaida au… (hakumalizia)."